Shajara ya wimbo wa mazishi: beti nne za kumuaga bibi

Jumatatu, jioni

Nimetoka msibani sasa hivi. Bibi amefariki jana usiku, nyumbani kwake, amelala. Ana miaka 91. Mwili uko mochwari, mazishi ni Ijumaa, ili watoto na wajukuu walioko Dar na Arusha wafike. Familia yake imeomba kitu kimoja kwa kwaya yetu ninayoifundisha: wimbo mpya, wake mwenyewe, utakaoimbwa wakati jeneza linatolewa ndani ya nyumba kupelekwa kaburini. Kaburi litachimbwa kwenye kihamba, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chini kidogo ya zizi, kama ilivyo desturi huku Machame, Kilimanjaro. Nimepima kwa hatua: kutoka mlango mkubwa hadi pale ni kama mita 80, njia nyembamba katikati ya migomba, na mvua imenyesha.

Nimeanza shajara hii ili nisirudie makosa ya mara iliyopita, nilipotunga wimbo usiku wa kuamkia mazishi na nusu ya kwaya ikawa inafungua midomo tu.

Rasimu ya kwanza niliiandika kwenye daladala nikirudi:

Bibi yetu amekwenda
Kwake Baba mbinguni,
Tusilie, tufurahi,
Sasa yuko peponi.

Nimeipatia sauti ya mtindo tuliouzoea huku, mizani 8, 7, 8, 7. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na nyimbo za Kijerumani, na nyingi tunazoziimba hadi leo zimekaa kwenye vipimo vyao. Mkono wangu unaenda huko wenyewe. Nitaisoma tena kesho nikiwa nimelala kidogo.

Jumanne, asubuhi

Nimeisoma. Haifai, na haifai kwa sababu mbili zisizohusiana.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: mbiNGUni, pePOni. Mstari wa mizani 7 katika sauti hizi za zamani kwa kawaida huanza na pigo zito na kuishia na pigo zito, yaani silabi ya 1, 3, 5 na 7 ndizo zinazobebwa. Sasa weka "mbinguni" mwishoni: inatoka MBI-ngu-NI. "Peponi" inakuwa PE-po-NI. Tumeshazoea kuimba hivyo kanisani kiasi kwamba hatusikii tena, lakini mwambie mtoto aseme neno hilo kama linavyoimbwa, atacheka. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja yanayoweza kubeba pigo la mwisho, kwa hiyo kwao mstari wa 7 unakaa vizuri. Kwetu kila mstari wa namna hiyo unaumiza neno la mwisho, na neno la mwisho ndilo watu wanaondoka nalo.

Mstari wa 8 hauna shida hiyo. Silabi ya 7 inapata pigo, ya 8 inatua laini, na ndivyo kila neno la Kiswahili linavyokwisha. Washairi wa pwani walilijua hili zamani: utenzi una mizani 8 katika kila mshororo, mishororo minne kwa ubeti, vina vitatu vya kwanza vinafanana, na cha nne kinarudi kilekile katika kila ubeti mpaka mwisho. Basi nitatumia utenzi. Mtu wa Machame kumwimbia bibi yake kwa kipimo cha Lamu si ajabu, lugha ni hiyohiyo.

Kina cha mwisho nimekichagua tayari: -ni. Ndani, kaburini, nyumbani, mbinguni, yote yanaingia humo. Maana yake kila ubeti, hata ule wa huzuni tupu, utaishia kwenye sauti ileile itakayobeba tumaini mwishoni.

Sababu ya pili nimeipata saa nne, nilipokwenda kutoa pole tena na kuwasomea wafiwa ile rasimu.

Jumanne, mchana

Binti mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyemuuguza miaka yote, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, mbona mmeshampeleka mbinguni kabla sijamtoa ndani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila hasira, akichambua maharage na wenzake: "Tangu jana kila anayekuja ananiambia amekula chumvi nyingi, mshukuru Mungu. Mwingine anasema sisi tulimpenda ila Mungu kampenda zaidi. Kwa hiyo mimi nilimpenda kidogo?"

Shemeji yake akamwambia, "Wifi, wanataka kukufariji." Akajibu, "Najua. Ndiyo maana nawanyamazia."

Hapo nimeelewa tatizo la nyimbo za mazishi ya wazee. Akifa kijana, hakuna anayethubutu kuwaambia wazazi wasilie. Akifa mzee wa miaka 91, watu wanaona kilio chenyewe kama utovu wa shukrani, na wimbo unakuwa wa kwanza kumziba mfiwa mdomo. "Tusilie, tufurahi" yangu ilikuwa imefanya hilo kwa mizani kamili. Hata lile andiko tunalolipenda, 1 Wathesalonike 4:13, halikatazi huzuni. Linakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini, na huko ni kuhuzunika kwa aina fulani.

Nimemuuliza binti: ukiingia nyumbani sasa, unaona nini kisichokuwa sawa? Hakufikiri hata kidogo. "Jikoni hakuna moshi. Mama alikuwa anaamka saa kumi na moja anawasha moto, hata alipokuwa haoni vizuri. Na fimbo yake ipo pale pale nyuma ya mlango, hakuna aliyeigusa."

Nimeirudisha kwa maneno yake karibu yote:

Moto wako umezima,
Fimbo yako yaegama,
Bibi yetu umehama,
Kumekuwa kimya ndani.

Hakuna mbingu hapa. Kuna neno moja tu linaloelekea huko, "umehama", na halijasema amehamia wapi. Linaacha mlango wazi.

Jumanne, usiku

Sauti. Nimekaa na kinanda kidogo nikapata kitu ambacho ningepaswa kukijua miaka mingi iliyopita.

Nilianza kila mstari kwenye pigo la kwanza, kama kawaida. Ikawa MO-to wa-ko U-me zi-ma: pigo zito liko kwenye silabi ya 1 na ya 5, na "u-me" ndiyo inayonguruma badala ya "zima". Nikajaribu kuanzia pigo la tatu, ili silabi mbili za kwanza ziwe za kuingilia tu. Sasa pigo zito linaangukia silabi ya 3 na ya 7:

```
d   r  | m   m   r   d  | r   r
Mo  to | WA  ko  u   me | ZI  ma
```

Maneno yenyewe yakaanza kutembea. Sababu yake ni rahisi: mshororo wa mizani 8 hupenda kugawanyika nne kwa nne, na kipande cha silabi nne, kiwe neno moja au mawili, hukazwa kwenye silabi yake ya tatu. "Alilia" ni a-li-LI-a. "Fimbo yako" ni fi-mbo-YA-ko. Ukiingilia kwa silabi mbili, mkazo wa neno na pigo la muziki vinakutana vyenyewe, bila kulazimisha.

Kasoro moja: mistari minne ya mapigo manane mfululizo haina mahali pa kuvuta pumzi. Nimeongeza mapigo manne mwishoni mwa mstari wa pili na wa nne. Silabi ya 7 inashikwa mapigo mawili, ya 8 inashikwa manne. Ubeti mzima sasa ni mapigo 40.

Doh, sauti ya kwanza ya ngazi, nilikuwa nimeiweka A. Nimeishusha hadi F. Sauti ya juu kabisa kwenye wimbo ni l, yaani lah, katikati ya mstari wa tatu. Kwa doh ya A hiyo ni F kali, na soprano wangu wanaifikia vizuri siku za Jumapili. Siku ya mazishi koo limekaza, mtu amelia tangu alfajiri, hafiki. Kwa doh ya F inakuwa D, na D hata mama mwenye mafua anaifikia.

Jumatano, asubuhi

Ubeti wa pili nimeuandika kwa ajili ya yule binti. Nilitaka mtu aseme waziwazi kwamba kulia kunaruhusiwa, na aseme kwa mamlaka.

Usiseme tunyamaze,
Chozi letu tulimeze;
Hata Yesu, nikweleze,
Alilia kaburini.

"Nikweleze" ni kijazio, nakiri. Watunzi wa tenzi huliweka hapo neno la namna hiyo pale kina kinapokosekana. Nilitaka kulifuta, lakini mzee mmoja wa besi alipolisoma alitikisa kichwa akasema, "Hapa ndipo unaposikia kuna mtu anaongea." Nimeliacha.

Nimempelekea mchungaji nakala. Kwetu wimbo mpya hauimbwi kwenye ibada kabla hajaupitia, na ni utaratibu mzuri hata kama unachelewesha.

Jumatano, saa nane

Mchungaji ameurudisha na alama mbili za kalamu nyekundu.

Ya kwanza iko kwenye kiitikio. Dada mmoja wa alto, aliyelelewa Kibosho kwa Wakatoliki kabla hajaolewa huku, alikuwa amenipendekezea mstari: "Utuombee mbinguni". Mizani ilitimia na kina kilitimia, nikauweka. Mchungaji ameandika pembeni: "Kwao sawa. Kwetu hatuwaombi marehemu watuombee." Kumuaga bibi kwa "wewe", kumwambia moto wako umezima, hilo ameliruhusu, kwa sababu kila mfiwa huongea na jeneza. Tofauti ni kuaga na kuomba. Yule dada hakukasirika, alisema tu kwamba kwao mstari ule ndio uliokuwa unamfuta machozi. Nimelikumbuka hilo, kwa sababu kiitikio sasa kina pengo ambalo lazima kitu kingine kilijaze.

Ya pili iko kwenye ubeti wa pili: "Yesu alilia kaburini? Soma tena." Nimefungua Yohana 11. Ni kweli. Analia kwenye mstari wa 35, baada ya kumwona Mariamu analia. Kaburini anafika kwenye mstari wa 38. Alilia kabla hajafika, mbele ya watu, njiani, na watu waliokuwapo wakasema jinsi alivyompenda. Miaka yote nimekuwa nikiimba kana kwamba alilia akilitazama kaburi.

Nikatafuta neno la silabi nne linaloishia -ni. "Njiani" lina tatu. Halafu likaja lenyewe: hadharani.

Hata Yesu, nikweleze,
Alilia hadharani.

Ni bora kuliko nilivyokuwa nimeandika. Kaburini kila mtu analia. Hadharani ndiko tunakoambiwa tujikaze.

Jumatano, usiku: mazoezi ya kwanza

Wamekuja 19. Umeme ulikatika saa moja na nusu, tukaendelea kwa tochi za simu.

Ubeti wa tatu nimeujenga juu ya Isaya 46:4, ambako Mungu anawaambia watu wake kwamba hata uzeeni, hata wakati wa mvi, atawachukua. Kwa mazishi ya bibi hakuna andiko lililokaa vizuri zaidi, kwa sababu halisemi habari za baada ya kifo tu, linasema habari za ile miaka mirefu ya mwisho. Nikaanza hivi:

Hata mvi zikijaa

Kwenye karatasi ni mizani 8 safi: ha-ta-m-vi-zi-ki-ja-a. Kwenye mdomo ni balaa. "Mvi" ni silabi mbili, na ile m ya mwanzo ni silabi kamili yenye mkazo, kama n ya "nchi" au m ya "mbwa". Na iko nafasi ya tatu, ndipo lilipo pigo zito. Kwaya nzima ikafika kwenye pigo zito la mstari na kufunga midomo. Sauti ikazama, kukabaki mvumo kama wa nyuki, kisha "vi" ikaruka peke yake. Tumerudia mara tatu. Teno mmoja amesema, "Mwalimu, tunafika hapo unatuzima."

Nikabadilisha papo hapo: "Hata kichwa kikang'aa". Vijana wakaangua kicheko. Wameona upara. Nao wamesema kweli.

Nimewaruhusu saa mbili na nusu. Ubeti wa tatu haupo.

Alhamisi, alfajiri

Nimeupata, na tena si kwa akili yangu. Jana usiku mjukuu wake aliyeko Dar alinipigia simu kuuliza kama atapewa nafasi ya kusoma wasifu. Akaniambia mara ya mwisho alipokuja, bibi alimshika mkono muda mrefu akamwita jina la mjomba wake, kisha jina la baba yake, kisha akaacha kutafuta akamshika tu. "Hakulikumbuka jina langu, ila hakuniachia."

Hata jicho likichoka,
Hata jina likitoka,
Bwana wako hakuchoka
Kukubeba mgongoni.

Nimeweka "mgongoni" kwa makusudi. Isaya anasema kuchukuliwa, hasemi wapi. Lakini mwanamke yeyote atakayekuwa pale Ijumaa amebeba mtoto kwa mbeleko, na bibi huyu aliwabeba tisa wake na wa wenzake. Aliyebeba sasa amebebwa. Sina haja ya kueleza hilo kwenye wimbo. M ya "mgongoni" nayo ni silabi, ila imekaa nafasi ya tano, pigo la kati, na midomo inafunguka mara moja kwa "go". Nimeiimba mara kumi peke yangu bafuni. Inapita.

Kutumia "choka" mara mbili kama kina, mtunzi mkali atanikemea. Naiacha. Jicho lilichoka, Bwana hakuchoka: neno lazima liwe lilelile ili tofauti isikike.

Alhamisi, saa tano

Kiitikio. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kote, kwa mistari miwili.

Kiitikio ni cha umati. Watu mia tatu au zaidi hawatakuwa na karatasi, watasikia ubeti wa kwanza na kuanza kuitikia kwenye wa pili. Kwa hiyo kinahitaji maneno machache, ya kila siku, na kibebe uzito wote, huzuni na tumaini. Baada ya kufuta "utuombee" niliandika:

Twalia, ila twangoja,
Bwana yuko mlangoni.

Nilipousoma kwa sauti nikasikia kosa la mkazo kwanza: "twalia" inakazwa silabi ya pili, pigo linaangukia ya tatu. Lakini kosa kubwa lilikuwa lile neno dogo, "ila". Nilijaribu "bali", nikajaribu "lakini" kwa kupunguza silabi kwingine. Yote yanafanya kazi moja: yanafuta kilichotangulia. Ukimwambia mtu "najua umefiwa, lakini", hakumbuki sehemu ya kwanza. Ni sawasawa na wale wa chumvi nyingi, tofauti yao ni adabu tu.

Kiswahili hakihitaji kiunganishi hapo. Unaviweka vitenzi viwili sambamba, kila kimoja kinasimama kwa miguu yake:

Tunalia, tunangoja,
Bwana yuko mlangoni.

Sasa li inapata pigo, ngo inapata pigo. Na hakuna kinachokifuta kingine. Wanalia na wanangoja kwa pumzi moja. Kama wimbo huu una kitu cha kumpa yule binti, kiko kwenye mkato ule baada ya "tunalia". Nimewaambia wanakwaya wasiukimbie.

Alhamisi, alasiri

Ubeti wa nne. Hapa sasa mbingu inaruhusiwa kuingia, kwa sababu tutakuwa tumeshafika kaburini.

Niliogopa kuandika maneno ya jumla, dhahabu na malaika, ambayo yangefaa kaburi la mtu yeyote. Nikakumbuka kwamba baada ya kufukia, familia itapanda sale. Kwa wasiotoka huku: ni mmea wa majani marefu ya kijani, ndio tunaopandia mipaka ya vihamba, ndio anaobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha, na ndio unaosimama makaburini. Haukauki kirahisi. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini, kinachipua.

Tunapanda hapa sale
Hadi siku kuu ile,
Tukutane wote pale,
Kwenye meza ya nyumbani.

Mstari wa mwisho ulikuwa "Kwenye meza ya mbinguni". Mizani ni ileile, mkazo ni uleule. Nimebadilisha neno moja kwa sababu ubeti wa kwanza ulifunga kwa nyumba iliyo kimya, moto umezimwa. Wimbo ulioanzia jikoni kwake ukiishia mahali pageni, hatambui ni kwake. Yohana 14:2 yenyewe inasema nyumbani mwa Baba, kwa hiyo sijatoka nje ya Maandiko. Mchungaji amejibu kwa ujumbe mfupi: "Sawa. Endeleeni."

Nimepiga hesabu ya muda. Ubeti ni mapigo 40, kiitikio 20. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, ubeti na kiitikio chake vinachukua dakika moja. Beti nne ni dakika nne. Mita 80 kwa jeneza kwenye matope ni karibu muda huohuo, hatua moja kwa kila pigo. Ubeti wa nne lazima uimbwe tukiwa tumesimama, la sivyo tutaimba "tunapanda hapa" tukiwa bado kwenye migomba.

Alhamisi, usiku: mazoezi ya mwisho

Wamekuja 26. Nakala zilitoka dukani zikiwa na ubeti wa tatu umekatwa mstari wa mwisho, tumeuandika kwa kalamu mmoja mmoja. Sio mbaya, walioandika kwa mkono ndio walioushika kichwani.

Besi wanavuta mwendo nyuma kila baada ya kiitikio. Nimempa yule mzee kazi ya kupiga mguu.

Nimeamua pia kutotumia kinanda. Jenereta la msibani linawasha spika na friji ya vinywaji, na sitaki wimbo ufe katikati kwa sababu ya dizeli. Nitatoa doh kwa mdomo.

Jumamosi, baada ya mazishi

Naandika leo kwa sababu jana sikuweza.

Jeneza lilitoka saa nane na dakika kumi. Nilitoa doh, na kwa wasiwasi nadhani niliitoa juu kidogo, labda G, ila hakuna aliyevunjika. Ubeti wa kwanza ulipofika "fimbo yako yaegama", watu waliokuwa mlangoni waligeuka wakaitazama. Ilikuwa palepale nyuma ya mlango. Binti mkubwa aliichukua, akatembea nayo mpaka kaburini. Hilo hatukulipanga.

Ubeti wa pili tuliimba nusu. Soprano wanne walishindwa kwenye "usiseme tunyamaze" na sikuwalazimisha. Alto na besi waliendelea wenyewe, na kwenye "alilia hadharani" binti alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kama alivyoniambia baadaye. Mama mmoja akaanza kumwambia "jikaze, dada", shemeji wa binti akamshika mkono yule mama, akanyamaza.

Kiitikio kilishikwa na umati mara ya pili, kama nilivyotegemea, lakini wakakipunguza mwendo hadi nikakadiria mapigo 50. Tulifika kaburini na ubeti wa tatu ukiwa umekwisha, tukalazimika kurudia kiitikio mara tatu kungoja wabebaji washushe. Haikuharibu kitu. Kwa kweli nadhani ni hapo wajukuu wadogo walipokijifunza, maana jioni, wakati wa kuosha masufuria, nilimsikia mmoja akikiimba: "Tunalia, tunangoja", anasugua, "Bwana yuko mlangoni", anasuuza.

Marekebisho kwenye nakala ya kudumu: doh F iandikwe kwa herufi kubwa juu kabisa. Ubeti wa tatu uwekewe alama ya kusubiri. Kiitikio baada ya ubeti wa tatu kirudiwe "mpaka jeneza litue", bila kutaja idadi.

Jumapili, mchana

Baada ya ibada baba mmoja wa mtaa wa juu amenifuata. Baba yake mzazi yuko hospitali, ana miaka 88, na madaktari wamewaambia wajiandae. Anaomba wimbo uleule, tubadilishe tu "Bibi" iwe "Babu". Silabi ni mbili kwa mbili, kwa hiyo mahali hapo hakuna kazi. Nimemwambia fimbo inabaki pia. Ila moto hauwezi kubaki, mzee yule hajawahi kuwasha jiko maisha yake.

Nimemuuliza: asubuhi pale kwenu, kitu gani kitakachokosekana? Akasema redio. Mzee anaifungua saa kumi na mbili kwa taarifa ya habari, kijiji kizima kinaisikia. "Redio yako imezima" ni mizani 9, haingii. Kisha akakumbuka saa ya ukutani ambayo baba yake huipa ufunguo kila Jumapili, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Saa yako imezima.

Sa-a-ya-ko-i-me-zi-ma. Nane. Itabidi niwakumbushe soprano kwamba "saa" ni silabi mbili, wana tabia ya kuimeza iwe moja.